Seneti Iko ya Kazi Gani? Siku Sita za Januari 2015



Katika somo la uraia tulisoma kwamba inchi yetu iko na nyumba mbili za kutunga sheria, yaani Bunge la Taifa na Seneti. Wengi tuliandika katika kaye, tukajibu mtihani, basi. Lakini mdogo mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza swali ambalo ni la haki kabisa: "Yaya, kama wadepite wanapiga kura ya sheria, maseneta wako pale juu ya nini? Leta inalipa watu mara mbili kwa kazi moja." Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyeweza kumjibu. Nimeahidi kujibu katika gazeti letu, na leo najaribu.

Wafanyabiashara wa Butembo wangemwelewa huyu mdogo upesi, kwani wao hawapendi kupoteza feza. Lakini hao hao, wakati wa kufunga magazini jioni, mmoja anahesabu na mwengine anarudilia hesabu. Si kwa sababu wa kwanza ni mwizi. Ni kwa sababu mtu aliyehesabu mwenyewe haoni kosa lake. Nyumba ya pili ilizaliwa na wazo la namna hiyo. Lakini ili irudilie hesabu kweli, lazima wanaoingia humo wasiwe watu wale wale, waliotoka kwa njia ile ile, wanaomwogopa bwana yule yule. Kwa hiyo tuanze na njia wanamopita.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba wadepite wa taifa wanachaguliwa na sisi wananchi wenyewe. Wako 500, na viti vinagawanywa kwa kufuata hesabu ya wapiga kura. Mahali penye watu wengi pana wadepite wengi. Hiyo ni haki, sivyo? Ni haki, lakini iko na shida yake. Fikiri jimbo la Uele ya Chini, kule upande wa Buta. Pori ni kubwa, watu ni wachache sana kuliko sisi wa Kivu ya Kaskazini, na tusiseme Kinshasa. Kama kila kitu kinaamuliwa kwa hesabu ya watu tu, Uele ya Chini itashindwa kila siku, hata kwa mambo ya msitu wake mwenyewe.

Njo maana Seneti haihesabu watu. Inahesabu majimbo. Kila jimbo linatoa maseneta 4, likiwa kubwa ao dogo. Kinshasa peke yake inatoa 8. Fanya hesabu: tuko na majimbo 26, tutoe Kinshasa, yanabaki 25. Mara 4 ni 100, ongeza 8 za Kinshasa, ni 108. Juu yao kuna raisi wa zamani aliyepata kuchaguliwa, ambaye Katiba inamfanya seneta kwa maisha yake yote. Katika Seneti, mtu wa Buta na mtu wa Goma wanakaa sawa sawa, 4 kwa 4.

Tena, seneta hachaguliwi na baba yako na mama yako. Anachaguliwa na wadepite wa jimbo, wale wa Bunge la Jimbo. Sisi tunachagua wadepite wa jimbo, na wao wanachagua maseneta. Seneta lazima awe amefikisha miaka 30, na mdepite miaka 25. Kwa hiyo nyumba ya pili inapata watu wenye umri kidogo zaidi, ambao hawakupita barabarani kuomba kura kwa wimbo na fulana. Kuna wanaosema hiyo ni uzuri wake, na kuna wanaosema ni ugonjwa wake. Nitarudi hapo.

Sasa tuone sheria inapita namna gani, kwa sababu pale njo kazi yenyewe inaonekana. Kifungu cha 135 cha Katiba kinasema kwamba andiko la sheria linapita nyumba moja, kisha linakwenda nyumba ingine, mpaka zote mbili zikubali maneno yale yale. Maneno yale yale, hata koma! Kama Seneti inabadili jambo moja, andiko haliwi sheria bado. Hapo wakubwa wa nyumba mbili wanaita komisyo ya pamoja, yenye watu sawa sawa wa kila upande, ili watafute andiko moja. Wakikosa kupatana, Bunge la Taifa njo linasema neno la mwisho. Linaweza kuchukua andiko la komisyo, ao kurudia andiko lake lenyewe, pamoja na masahihisho ya Seneti ao bila hayo.

Wanafunzi wengi wanaposikia hivyo wanasema: basi, Seneti haina nguvu. Kama wadepite wanaweza kuipita, ni kama mtoto anayelia tu. Na kweli, kuna mambo mengine ambayo Seneti haiwezi. Haiwezi kuangusha serikali nzima, hiyo ni kazi ya Bunge la Taifa peke yake. Andiko la makadirio ya feza za kila mwaka pia linawekwa kwanza mbele ya wadepite. Lakini tusiende mbio. Iko siku katika historia yetu ambapo tuliona nguvu hiyo ndogo ikifanya kazi, na nataka tuifuate siku kwa siku.

Ilikuwa Januari 2015. Raisi alikuwa Joseph Kabila. Alichaguliwa mwaka wa 2006 na tena mwaka wa 2011, na Katiba haikumruhusu kipindi cha tatu. Kipindi chake cha pili kilipaswa kuisha Desemba 2016. Katika kikao cha pekee cha mwanzo wa mwaka, serikali ilileta andiko la kubadili sheria ya uchaguzi. Mengi ndani yake yalikuwa mambo ya kawaida ya kura. Lakini katika kifungu cha 8 kulikuwa kipande kidogo kilichosema kwamba orodha ya wapiga kura itatengenezwa kwa kufuata hesabu ya watu na utambulisho wao.

Ukisoma upesi, unasema ni maneno mazuri. Nani anakataa watu wahesabiwe? Lakini kaa kidogo ufikiri. Hesabu ya mwisho ya watu katika inchi yetu ilifanywa mwaka wa 1984. Wengi wa walimu wetu walikuwa watoto, ao hawajazaliwa. Kuhesabu watu upya katika inchi kubwa namna hii, penye barabara kama ile ya kutoka hapa kwenda Manguredjipa wakati wa mvua, ni kazi ya miaka, si ya miezi. Kama uchaguzi lazima ungojee hesabu, basi uchaguzi wa 2016 utangojea pia. Na kama uchaguzi unangojea, raisi anabaki. Hakuna mahali palipoandikwa "raisi atabaki". Palikuwa pameandikwa "hesabu ya watu" tu. Hapa tunajifunza jambo moja juu ya sheria: hatari mara nyingi haiko katika kichwa cha andiko, iko katika kipande cha tatu ao cha nne, pale macho yamechoka.

Siku ya Posho, tarehe 17 Januari, Bunge la Taifa lilipiga kura. Wadepite wa upinzani walikataa kushiriki katika kura hiyo, na walio wengi walipitisha andiko pamoja na kile kipande. Kama inchi yetu ingekuwa na nyumba moja, hadisi ingeishia hapo. Andiko lingekwenda kwa raisi atie sahihi, na tarehe 18 watu wangekuwa wanapigana na sheria iliyokwisha kuzaliwa.

Lakini haikuwa imezaliwa. Ilibaki Seneti.

Siku ya Kwanza, tarehe 19, watu wa Kinshasa walitoka barabarani. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa walikuwa mbele kati yao. Machafuko yalidumu siku kadhaa, polisi na askari walipiga risasi, maduka yaliporwa, mawasiliano ya internete na ya ujumbe wa simu yalikatwa. Goma pia kulikuwa maandamano. Makumi ya watu walikufa, na mashirika ya haki za binadamu yalihesabu wengi kuliko wale serikali iliowatangaza. Siandiki haya ili kusifu machafuko. Naandika kwa sababu tusipoyasema hatutaelewa kwamba zile siku za katikati zililipwa kwa damu.

Andiko sasa lilikuwa mikononi mwa maseneta. Mkubwa wao alikuwa Léon Kengo wa Dondo, mzee ambaye alikuwa waziri wa kwanza wakati wa Mobutu. Huyu Kengo hakuwa mtu wa raisi. Mwaka wa 2007, wakati Seneti ilipochagua mkubwa wake, upande wa raisi ulimweka Léonard She Okitundu, na ulikuwa na watu wa kutosha kushinda. Lakini kura ni ya siri, na Kengo alishinda. Unaona sasa faida ya njia tofauti ya kuingia? Wale wale wa chama kimoja, wakikaa katika nyumba ingine, hawapigi kura lazima kama wenzao wa nyumba ya kwanza.

Siku ya Tano, tarehe 23 Januari, Seneti ilipiga kura. Haikukataa andiko lote. Ingekuwa kosa, kwa sababu kulikuwa mambo mengine yanayohitajika. Ilishika kile kipande cha kifungu cha 8 na kukibadili, ili uchaguzi usifungwe kwa hesabu ya watu na ili siku zilizowekwa na Katiba ziheshimiwe. Kengo mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba walisikiliza sauti ya barabara.

Sasa kumbuka sheria ya maneno yale yale. Wadepite wako na andiko lao, maseneta wako na lao, na hayafanani. Lazima komisyo ya pamoja. Wadepite wangeweza kushupaa na kusema neno lao la mwisho, Katiba inawaruhusu. Lakini namna gani? Wangelazimika kusimama tena, mbele ya inchi nzima iliyokwisha kuelewa kile kipande kina maana gani, na kupiga kura mara ya pili juu yake. Tarehe 17 waliweza kukipitisha kati ya vipande vingine vingi. Wiki moja baadaye hakikuweza kujificha tena. Siku ya Posho, tarehe 24, mkubwa wa Bunge la Taifa, Aubin Minaku, alitangaza kwamba kipande kile kitaondolewa. Siku ya Mungu, tarehe 25 Januari, andiko lilipigiwa kura bila hicho. Raisi alilitia sahihi tarehe 12 Februari 2015.

Toka tarehe 17 mpaka tarehe 23 ni siku sita. Hizo siku sita njo jibu langu kwa mdogo wa mwaka wa tatu. Nguvu ya nyumba ya pili si kusema "hapana" ya mwisho. Nguvu yake ni kwamba jambo lililokwisha amuliwa linakuwa bado halijaamuliwa, kwa siku chache, na lazima litazamwe tena na macho mengine, mchana, watu wakiona.

Kuna rafiki yangu wa kalasi anayenipinga. Anasema: "Si Seneti iliyosimamisha sheria, ni watu walioandamana. Bila wao, maseneta wangepitisha kama wenzao." Inawezekana. Mimi siwezi kuapa kwamba maseneta wangefanya vile bila kelele ya barabara. Lakini namuuliza na mimi: kama kusingekuwa Seneti, barabara ingeshika wapi? Kubadili andiko lisilokamilika ni rahisi, hata mkubwa anaweza kurudi nyuma bila kupoteza heshima yake. Kufuta sheria iliyotiwa sahihi ni jambo lingine. Mlango ulikuwa bado wazi kidogo, na watu walisukuma mlango uliokuwa wazi. Sisi wawili tulibishana mpaka kengele ya kulala, na hatukumaliza.

Sasa nieleze na upande mwengine, kwa sababu nisipofanya hivyo mtadhani nimeajiriwa na maseneta.

Kwanza, kile kipande kiliondolewa, lakini uchaguzi haukufanywa Desemba 2016. Ulifanywa tarehe 30 Desemba 2018, miaka miwili nyuma. Kilichokatazwa kwa sheria kilikuja kwa njia ya kuchelewa tu: feza hazipo, orodha haijawa tayari, na kadhalika. Nyumba ya pili inaweza kuzuia neno baya lisiandikwe. Haiwezi kulazimisha kazi nzuri ifanywe kwa saa yake.

Pili, na hii inachekesha kidogo ingawa si ya kucheka: maseneta wale wa 2015 wenyewe walikuwa wamepitisha muda. Walichaguliwa Januari 2007 kwa miaka mitano. Ukihesabu, walipaswa kwenda nyumbani mwaka wa 2012. Lakini maseneta wanachaguliwa na wadepite wa jimbo, na wadepite wa jimbo hawakuchaguliwa upya, kwa hiyo hakukuwa mtu wa kuchagua maseneta wapya. Katiba inasema seneta anabaki mpaka Seneti mpya iingie. Basi walibaki mpaka 2019, miaka kumi na miwili badala ya mitano. Watu waliokataza raisi asipitishe siku zake walikuwa wanakaa katika viti vilivyokwisha muda tangu miaka mitatu. Hiyo ni hatari ya kuchagua kwa ngazi: ngazi moja ikivunjika, zote za juu zinabaki angani.

Sisi wa Beni na Butembo tunaijua ngazi hiyo vizuri kuliko wote. Katika siku za mwisho za Desemba 2018, CENI ilitangaza kwamba uchaguzi katika muji wa Beni, teritwari ya Beni, muji wa Butembo, na pia Yumbi kule jimbo la Mai-Ndombe, utangojea mpaka Machi 2019. Kwetu walisema ni kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Wakati inchi ingine ilipopiga kura tarehe 30 Desemba, watu wa Beni walipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe ya kuonyesha, ambayo haikuhesabiwa popote. Mambo ya kuchagua raisi yaliisha bila sisi, na raisi mpya, Félix Tshisekedi, aliapa tarehe 24 Januari 2019. Hilo wengi wanalikumbuka. Lile ambalo wachache wanalikumbuka ni la Seneti.

Tarehe 15 Machi 2019, majimbo yalichagua maseneta wao. Majimbo 24. Kivu ya Kaskazini na Mai-Ndombe hayakuchagua. Kwa nini? Kwa sababu Bunge la Jimbo letu halikuwa limekamilika: wadepite wa jimbo wa Beni na Butembo walikuwa hawajachaguliwa, kura yetu ilifanywa tarehe 31 Machi tu. Fanya tena hesabu: majimbo 23 mara 4 ni 92, na 8 za Kinshasa, ni 100. Viti 8 vilibaki vitupu, na 4 kati ya hivyo vilikuwa vya Kivu ya Kaskazini. Angalieni vizuri: si Butembo na Beni tu waliokosa sauti. Goma, Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero, waliopiga kura mwezi wa Desemba, walingoja pamoja nasi, kwa sababu seneta si wa teritwari, ni wa jimbo zima.

Siku ile ya Machi ilionyesha pia ugonjwa niliosema nitaurudia. Wanaochagua maseneta katika jimbo hawafiki watu mia moja. Kununua kura za watu elfu mia tatu ni vigumu. Kununua kura za watu wachache waliokaa katika chumba kimoja ni rahisi zaidi. Katika majimbo mengi watu walilalamika kwamba wadepite wa jimbo waliuza kura zao kwa dola, na matokeo yalikuwa ya ajabu, kwani upande wa raisi wa zamani ulipata karibu viti vyote. Kulikuwa machafuko, na raisi mpya alisimamisha kwa siku kadhaa kuingia kwa maseneta hao, kisha akaruhusu. Wale wanaosema seneta hana haja ya fulana na wimbo, wakumbuke pia bahasha.

Jirani zetu walipita njia zingine. Ukivuka Kasindi, Uganda iko na nyumba moja tu, na Tanzania pia. Kenya ilikuwa na Seneti wakati wa uhuru mwaka wa 1963, ikaiondoa mwishoni mwa 1966, kisha ikairudisha katika Katiba ya 2010. Kule, kila moja ya kaunti 47 inachagua seneta wake, na anayechagua ni mwananchi mwenyewe, si wadepite wa kaunti. Sisemi hawana taabu zao. Lakini taabu yetu ya Machi 2019, ya viti vitupu kwa sababu Bunge la Jimbo halijakamilika, isingetokea namna ile.

Hata kwetu Seneti haikukaa wakati wote. Mwaka wa 1960, Sheria ya Msingi iliyotupeleka kwenye uhuru iliweka Seneti ya watu 84, yaani 14 kwa kila moja ya majimbo 6, na kati ya hao 14 angalau 3 walipaswa kuwa wamwami ao wakubwa wa mila. Kivu wakati ule ilikuwa jimbo moja kubwa. Mobutu alipochukua utawala aliandikisha Katiba ya 1967, na Seneti ikafutwa. Ilirudi mwaka wa 2003, wakati wa serikali ya mpito, na aliyeiongoza mpaka 2007 ni mtu ambaye makanisa yetu ya Kiprotestanti yanamjua, Monsinyori Pierre Marini Bodho, aliyekuwa mkubwa wa Kanisa la Kristo katika Kongo. Seneti ile njo ilipewa kazi ya kuandaa andiko la kwanza la Katiba tunayoitumia. Kwa hiyo si ajabu kwamba Katiba ilitengeneza mahali pa Seneti!

Nabakiza jambo moja, na ni lile linalotugusa karibu zaidi. Kwa kifungu cha 144, raisi anaweza kutangaza hali ya kuzingirwa, ile ambayo watu wote hapa wanaiita "etat de siezhi". Inadumu siku 30. Ili iongezwe, lazima Bunge la Taifa na Seneti wakubali, wote wawili, na kila mara ni siku 15 tu. Unaona wazo la walioandika: jambo zito kama hili, la kuweka wanajeshi mahali pa gavana na wa meya, lisiende lenyewe. Lirudi kila wiki mbili mbele ya nyumba mbili, ziulize: bado iko na lazima?

Hali hiyo ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Tangu pale iliongezwa tena na tena, miaka ikafuatana. Mlango ulikuwa ule ule wa Januari 2015, nyumba mbili, kura mbili, tena kila siku 15. Lakini safari hii haukuzuia kitu. Wadepite wa kwetu walilalamika sana kwamba waliuawa watu hata baada ya kuwekwa wanajeshi, na kuna nyakati walitoka katika kikao. Hesabu ya Seneti inaonyesha sababu moja: Kivu ya Kaskazini 4, Ituri 4, pamoja 8. Jumla 108. Usawa wa majimbo unamsaidia mdogo asimezwe na mkubwa mmoja. Haumsaidii wakati majimbo mengine 24 yanaona jambo ni la mbali.

Na kuna tofauti ingine. Mwaka wa 2015 kile kipande kilimgusa kila mtu, kuanzia Boma mpaka Bunia, na kilitokea mara moja. Kuongeza siku 15 ni kitu kidogo, kinachorudi, na jicho linakizoea. Nyumba ya pili inafanya kazi vizuri pale jambo likiwa jipya na watu wakitazama. Pale jambo likiwa la kila wiki mbili, inakuwa kama muhuri wa biro.

Kama munataka kujua wenyewe Seneti ilirudilia hesabu ao ilipiga muhuri, siku munaposikia katika redio kwamba sheria imepita, sikilizeni mambo mawili. Siku ngapi kati ya kura ya wadepite na kura ya maseneta? Na je, kuna neno hata moja lililobadilika? Mwaka wa 2015 majibu yalikuwa siku sita, na kipande kimoja cha kifungu cha 8.